Ufa Unaofunguka Oktoba na Kujifunga Machi: Kusoma Nyufa za Nyumba Iliyojengwa Kwenye Udongo wa Mbuga

Dalili inayonileta kwenye nyumba nyingi za bonde la Usangu ni ile ile. Mwenye nyumba ananionyesha ufa juu ya dirisha la chumba cha kona, ananiambia aliuziba kwa saruji mwaka jana, ukapotea, na sasa umerudi pale pale, tena mpana kuliko mwanzo. Mara nyingi ananiita Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza. Na mara nyingi fundi mwingine ameshamwambia kwamba saruji ilikuwa kidogo.

Saruji haikuwa kidogo. Nyumba inapanda na kushuka kila mwaka kwa sababu udongo ulio chini yake unavimba na kusinyaa. Mwongozo huu unahusu nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ya tofali za kuchoma au za bloku, iliyosimama juu ya udongo huo. Nitaanza na namna ya kuutambua udongo, kisha namna ya kuusoma ufa kwa umbo lake na kwa upana wake, halafu nitaeleza nyumba moja niliyoifuatilia kwa vipimo.

Kwanza hakikisha tatizo ni udongo

Nyanda za Juu Kusini hazina udongo wa aina moja. Mbeya mjini na upande wa Rungwe, sehemu kubwa ya udongo imetokana na majivu na mawe ya volkano. Iringa mjini, milimani, utakuta udongo mwekundu. Udongo unaovimba unakaa mabondeni na kwenye tambarare: Igurusi, Chimala, Rujewa na mashamba ya mpunga ya Mbarali, na pia chini huko Pawaga. Watu wanauita udongo wa mbuga, au mfinyanzi mweusi. Masika unashika gumboti mpaka mguu unachomoka. Kiangazi unapasuka mipasuko ambayo mkono unaweza kuzama mpaka kwenye kiwiko.

Weusi peke yake si ushahidi. Kwenye vinyungu vya Iringa na Njombe kuna udongo mweusi uliojaa mabaki ya majani yaliyooza. Huo ni mbaya kwa msingi kwa sababu yake nyingine: unakandamizika, nyumba inazama bila kurudi juu. Ukiudhania kuwa ni udongo wa mbuga, utatoa dawa isiyo yake.

Kuna kipimo rahisi ambacho India, wenye mbuga nyeusi nyingi, wanakitumia maabara, na nyumbani unaweza kukifanya kwa kiasi cha kutosha kukupa jibu la awali. Chimba udongo kutoka kina cha mita moja hivi, uanike mpaka ukauke kabisa, usage, uchekeche kwa chujio laini. Chukua bilauri mbili za kioo zinazofanana, zilizonyooka pande zote. Moja tia maji, nyingine mafuta ya taa. Mwaga vijiko sawa vya ule unga katika kila bilauri, taratibu, koroga kutoa mapovu, kisha acha kwa saa 24. Udongo hauvimbi ndani ya mafuta ya taa, kwa hiyo bilauri hiyo inakupa kimo cha kulinganishia. Kama kwenye mafuta udongo umekaa sentimita 2 na kwenye maji sentimita 3, umevimba kwa asilimia 50, na hapo anza kuwa mwangalifu. Ukifika sentimita 4, yaani mara mbili, huo ni udongo wa kuuogopa, na msingi wa kawaida wa mtaani hautaumudu.

Sababu ya kuvimba iko kwenye chembe zenyewe. Mfinyanzi huu umeundwa kwa tabaka nyembamba mno zilizopangana kama kurasa za kitabu, na maji yanaingia kati ya kurasa na kuzitenganisha. Yakitoka, kurasa zinarudi pamoja. Nguvu ya kuzitenganisha inaweza kuzidi uzito ambao nyumba ya chini inauweka juu ya msingi wake. Ndiyo maana nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inateseka zaidi kuliko jengo zito la ghorofa lililo kwenye udongo huo huo: ni nyepesi, na udongo unaibeba.

Kwa nini kona ndizo zinazoumia

Kama udongo wote chini ya nyumba ungepanda na kushuka kwa pamoja, usingeona hata ufa mmoja. Nyumba ingesafiri nzima nzima. Tatizo ni kwamba haupandi sawa.

Kwetu mvua ni za msimu mmoja, takribani kutoka Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi mikavu. Udongo ulio nje ya ukuta unalowa na kukauka kufuata misimu hiyo. Udongo ulio katikati, chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, haupigwi jua wala mvua. Unyevu wake unabadilika polepole sana. Basi ukingo wa nyumba unacheza na katikati imetulia, na kona, ambayo imezungukwa na udongo wa nje pande mbili, inacheza kuliko sehemu zote.

Mwishoni mwa kiangazi kona zinashuka na katikati inabaki juu. Mwishoni mwa masika kona zinapanda, wakati mwingine kuzidi katikati. Tofali na saruji havipindi. Vikilazimishwa, vinapasuka.

Kuna jambo lingine la pole pole ambalo mafundi wengi hawalihesabu. Kabla ya nyumba, udongo ule ulikuwa ukipumua unyevu hewani kila kiangazi. Ukiufunika kwa jamvi, unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea, unajikusanya. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa juu ya udongo uliokauka sana, tuseme iliyochimbwa msingi Oktoba, inaweza kuendelea kunyanyuka katikati kwa miaka kadhaa. Sakafu inapata tumbo. Milango ya ndani inaanza kukwama wakati ya nje ni mizima.

Kusoma umbo la ufa

Simama nje, rudi nyuma hatua kumi, tazama ukuta mrefu wote kwa mara moja. Usianze kwa kuingiza kidole kwenye ufa.

Kama nyufa zinapanda kwa mshazari kuelekea kona, zikiwa pana juu na nyembamba chini, kona zimeshuka. Ukuta mzima unakuwa kama umeandikwa herufi V pana. Hii ni picha ya kiangazi, au ya mti unaonyonya maji karibu na kona, au ya katikati iliyovimba.

Kama nyufa zinaanzia chini karibu na kona na kupanda kuelekea katikati ya nyumba, kama kipaa cha bati, zikiwa pana chini na kufifia juu, basi kona zimenyanyuka au katikati imezama. Hii ni picha ya masika. Ukiiona kwenye kona moja tu, na haibadiliki mwaka mzima, tafuta maji: shimo la maji ya kuogea, bomba linalovuja, simtanki linalofurika, au bati linalomwaga mvua yote sehemu moja.

Ufa haupiti popote upendapo. Unafuata udhaifu, na udhaifu mkubwa wa ukuta ni pembe za madirisha na milango. Ukiona ufa umetokea kwenye pembe ya dirisha usiseme tatizo ni dirisha. Fuata mstari wake mpaka unapoishia, juu na chini, ndipo uone ni sehemu gani ya ukuta iliyoachana na nyingine.

Sasa, nyufa ambazo si za udongo, ili usihangaike bure. Mistari myembamba iliyosambaa kama ramani juu ya plasta, isiyoingia kwenye tofali, ni plasta iliyokauka haraka. Bandua kipande kidogo uangalie tofali: zikiwa nzima, tatizo limeishia hapo. Ufa ulionyooka wima pale nguzo ya zege inapokutana na tofali ni vitu viwili vinavyopanuka tofauti kwa joto. Ufa wa mlalo chini ya bati, unaozunguka kimo cha mkanda wa juu, unatokana na paa. Na ufa wima pale chumba kipya kilipounganishwa na nyumba ya zamani ni misingi miwili inayotembea kila mmoja kwa wakati wake. Huo wa mwisho una uhusiano na udongo, lakini dawa yake ni tofauti, nitairudia.

Upana, na maana yake

Wahandisi wengi hutumia ngazi iliyotoka Uingereza, inayopanga nyufa kutoka 0 hadi 5 kwa kuangalia ugumu wa matengenezo. Naipenda kwa sababu inamwondolea mwenye nyumba hofu isiyo na msingi, na vile vile inamwondolea matumaini yasiyo na msingi.

Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 0.1, ni daraja la 0. Hadi milimita 1 ni daraja la 1, rangi inatosha. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo ufa ambao kadi haiingii bado uko hapa. Hadi milimita 5 ni daraja la 2: mlango unaweza kukwama kidogo, upepo na maji vinaweza kupita, nje itabidi kuziba viungo, lakini nyumba inakaa. Kati ya milimita 5 na 15 ni daraja la 3. Hapo milango na madirisha yanakwama, mabomba yanaweza kukatika, na sehemu ya tofali huenda ikabidi kutolewa na kujengwa upya. Milimita 15 hadi 25 ni daraja la 4: fremu zimepinda, sakafu ina mteremko unaouona kwa macho, ukuta umeegama. Zaidi ya milimita 25 ni daraja la 5, na hapo swali si nyumba itazibwaje bali watu watoke lini.

Ngazi hii inataka mambo mawili yaongezwe. Upana peke yake hautoshi: nyufa tatu za milimita 4 kwenye ukuta mmoja ni ukuta uliotengana milimita 12, zijumlishe. Pili, ngazi haisemi kama ufa bado unatembea. Ufa wa milimita 6 uliolala kwa miaka mitano ni afadhali kuliko wa milimita 3 uliokuwa 1 mwezi uliopita.

Ukifika daraja la 4, au ukuta umeegama ukiupima kwa timazi, au lenta imepasuka katikati, acha mwongozo huu umwite mhandisi aliyesajiliwa. Hayo si ya kupima mwaka mzima.

Kuupima ufa unaotembea

Hii ndiyo kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya, na ndiyo inayojibu karibu kila swali.

Pigilia misumari miwili midogo ya chuma, mmoja kila upande wa ufa, kama sentimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, iingie kwenye tofali na si kwenye plasta tu. Fanya hivyo kwenye ncha ya juu ya ufa na kwenye ncha yake ya chini. Pima kati ya misumari kwa kipimo cha chuma cha fundi vyuma, kile cha kubana, maana futi ya kamba haitaona nusu milimita. Andika tarehe na kipimo ukutani kwa penseli na kwenye daftari. Pima kila mwisho wa mwezi. Kama unapimwa mara mbili tu kwa mwaka, iwe mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba.

Kisha pima nyumba yenyewe kwa mpira wa maji. Mafundi wetu wote wanao: mpira mwangavu uliojazwa maji bila povu hata moja. Chagua kozi moja ya tofali juu kidogo ya msingi, kwa sababu kozi ile ilijengwa ikiwa sawa. Mtu mmoja ashike ncha katikati ya ukuta mrefu, mwingine azunguke kona zote nne. Pima kutoka usawa wa maji kushuka hadi kozi ile. Pale umbali ulipozidi ule wa katikati, kona imeshuka kwa kiasi hicho. Pale ulipopungua, imenyanyuka. Kozi ya fundi mzembe inaweza kuwa ilijengwa na kosa la milimita 5 tangu mwanzo, kwa hiyo usiamini sana kipimo cha kwanza. Tofauti kati ya kipimo cha Machi na cha Oktoba ndiyo haidanganyi.

Nyumba ya mwalimu

Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu Oktoba, nyumba yake iko ng'ambo kidogo ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kwenye mbuga. Nyumba ya mita 11 kwa 8, tofali za kuchoma, msingi wa mawe wa kina cha sentimita 70. Umri wake ulikuwa miaka 11. Lenta ilikuwa vipande vipande juu ya milango na madirisha tu, haikuzunguka nyumba. Alikuwa ameshanunua mifuko minne ya saruji.

Nilimwamkia, akanikaribisha, na kabla sijakaa akaniambia, "Mwanangu, huu ufa nimeuziba mara tatu. Kila nikiuziba unakuja na mwingine pembeni."

Neno lile la "mwingine pembeni" ndilo lililonipa njia. Nitalieleza punde.

Kona ya kaskazini mashariki ilikuwa na ufa uliotoka pembe ya dirisha na kupanda kuelekea kona: juu milimita 8, chini milimita 2. Mlango wa chumba kile ulikuwa unakwaruza sakafu. Mita 7 kutoka pale ilisimama mikaratusi mitatu ya jirani, mirefu kama mita 18. Kona ya kusini magharibi, upande wa bafu, ilikuwa na ufa tofauti kabisa: ulianza sakafuni na kuegemea katikati ya nyumba, milimita 4 chini, juu haukuonekana. Shimo la maji ya kuogea lilikuwa mita 2 kutoka ukutani. Mpira wa maji ulisema kona ya mikaratusi iko chini ya katikati kwa milimita 26, na kona ya bafu iko juu kwa milimita 9.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na magonjwa mawili yanayokwenda kinyume. Upande mmoja udongo ulinyonywa, upande mwingine ulinyweshwa. Lakini hiyo bado ilikuwa dhana. Nilimwomba aihifadhi saruji mahali pakavu, nikapiga misumari, nikarudi mwisho wa Machi.

Machi, ufa wa mikaratusi ulikuwa umejifunga kutoka milimita 8 hadi 3, na kona imepanda kutoka 26 hadi 11. Ufa wa bafu haukujali masika: milimita 4 ile ile, kona juu milimita 10. Sasa haikuwa dhana tena. Ufa wa kwanza unafuata misimu, na wa pili unafuata maji ya watu wanaooga kila siku.

Na "mwingine pembeni"? Yeye alikuwa akiziba Oktoba, ufa ukiwa wazi kabisa, kwa saruji kali iliyoingizwa mpaka ndani. Masika ilipofika ukuta ulitaka kurudi mahali pake ukakuta kiraka kigumu katikati. Kile kiraka kikawa kabari. Ukuta ukashindwa kufunga pale, ukapasukia pembeni. Kila Oktoba aliongeza kabari nyingine. Kuziba kwake ndiko kulikokuwa kukiisukuma nyumba.

Tulichofanya, kwa mpangilio huu

Maji kwanza. Shimo la bafu lilifukiwa na jipya likachimbwa mita 10 kutoka ukutani, upande wa mteremko, na bomba la kwenda huko likawa la plastiki lenye viungio vinavyoweza kucheza kidogo. Kwenye mbuga, bomba gumu lililofungwa na saruji kwenye chemba linakatika, kisha linavuja chini ya nyumba bila mtu kujua. Bati likawekewa mifereji inayopeleka maji kwenye simtanki, na bomba la kufurikia likatolewa mbali.

Kisha tukamwaga kibaraza cha zege kuzunguka nyumba yote, upana mita 1.5, juu ya nailoni nzito, kikiwa na mteremko wa sentimita 7 kwenda nje. Kazi yake si kupendezesha. Kinausogeza ule ukingo unaolowa na kukauka mbali na ukuta. Hakikuunganishwa na ukuta kwa nondo, kwa sababu chenyewe kitacheza. Pengo kati yake na ukuta lilijazwa lami, na lami inahitaji kurudiwa ikipasuka. Na bustani ya mchicha iliyokuwa ikimwagiliwa chini ya dirisha ilihamishwa. Hilo lilimuuma mwalimu kuliko gharama yote.

Mikaratusi ilihitaji kufikiri. Mti unaonyonya maji umeukausha udongo, ukiukata maji yanarudi na udongo unavimba. Kama mti ni mkubwa kwa umri kuliko nyumba, nyumba ilijengwa juu ya udongo uliokwisha kusinyaa, na kuukata kunaweza kuinyanyua kona juu ya pale ilipojengwa. Hapo ni afadhali kuupunguza matawi kila mwaka na kuchimba mtaro wa kukata mizizi. Hapa jirani alikumbuka vizuri kwamba aliipanda miaka miwili baada ya nyumba kukamilika. Basi udongo ungerudi karibu na pale ulipokuwa siku ya kujenga, si zaidi. Walikubaliana, ikakatwa Januari iliyofuata. Kwa mti mpya, kaa mbali na ukuta angalau sawa na urefu utakaofikia, na kwa mkaratusi ongeza nusu yake.

Oktoba ya pili baada ya kukata, ufa wa kona ile ulisoma milimita 4 juu, na Machi yake milimita 3. Safari ya milimita 5 kwa mwaka ilikuwa imebaki milimita 1. Kona ya bafu ilishuka polepole mno, kutoka 10 hadi 6, kwa sababu mfinyanzi ulioshiba hautoi maji haraka.

Hapo tu ndipo tuliposhika mwiko, mwezi wa Juni, ufa ukiwa katikati ya safari yake. Tulichimbua viungo vya mlalo kila kozi ya nne, kina cha sentimita 4, tukalaza nondo za milimita 6 zinazovuka ufa nusu mita kila upande, tukajaza kwa mchanganyiko wa saruji na chokaa. Chokaa ni muhimu: mchanganyiko laini ukilazimishwa unapata nyufa nyembamba nyingi, ule mkali unapata mmoja mpana. Juu tukaweka waya wa kuku kabla ya plasta. Saruji ile mifuko minne ilitosha na kubaki, ingawa mmoja ulikuwa umeshaganda.

Kama hujaanza kujenga

Chimba shimo la majaribio la mita 2 kwenye kiwanja kabla ya kununua hata tofali moja. Tazama mipasuko ya kiangazi inafika wapi na udongo mweusi unaishia wapi.

Ukiishia ndani ya mita 1 au 1.5 na chini yake kuna moramu au udongo mgumu, umebahatika. Ondoa mweusi wote chini ya nyumba na mita moja zaidi kila upande, jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowekwe kiasi na kushindiliwa. Usijaze mchanga. Mafundi wengi wanapenda mchanga kwa sababu unashindilika kirahisi, lakini mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi ni beseni: mvua inaingia, haina pa kutokea, inaunywesha udongo wa pembeni na chini yako mwaka mzima.

Ukiwa mweusi unaendelea chini, kuna njia mbili za maana kwa nyumba ya chini. Moja ni jamvi la zege lenye mabimu ya nondo chini yake, yanayokatizana, ili nyumba iende kama trei moja bila kupinda. Ya pili ni nguzo fupi zilizotobolewa ardhini kupita eneo linalocheza, mara nyingi mita 3 hadi 3.5, zikiwa zimepanuliwa chini, na juu yake bimu inayobeba kuta. Kati ya bimu na udongo lazima kuwe na nafasi tupu ya sentimita 7.5 hivi. Nimeona nafasi hiyo ikijazwa kifusi na fundi aliyedhani imesahaulika, na udongo ukaisukuma bimu juu kupitia kifusi kile kile. Vipimo vya nondo katika njia zote mbili vitoke kwa mhandisi, kwa udongo wa kiwanja chako.

Njia yoyote utakayochukua, funga nyumba kwa mkanda wa zege wenye nondo nne unaozunguka bila kukatika kwenye msingi, na mwingine kwenye lenta. Msingi chimba Mei au Juni, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, na mtaro usilale wazi. Mtaro ulioachwa wiki mbili kwenye jua umeshasinyaa, na utavimba chini ya zege lako.

Mwalimu aliniita tena mwaka jana. Mwanawe anataka kuongeza chumba na jiko upande wa mashariki. Tulikubaliana chumba kijitegemee: msingi wake, ukuta wake, na kati yake na nyumba ya zamani pengo la milimita 20 kutoka msingi hadi bati, lililojazwa kitu laini na kufunikwa kwa kipande cha bati kilichopigwa misumari upande mmoja tu. Fundi wa mwanawe alitaka kuuma tofali mpya ndani ya zile za zamani, kozi kwa kozi, ili ziwe imara. Mwalimu alimpeleka kwenye ile misumari miwili ya kona, akamsomea tarehe zilizoandikwa ukutani kwa penseli, kuanzia ya kwanza.